Nitajuaje kama swali nililomuuliza mteja lilistahili muda wake?

Jiulize ungefanya nini bila jibu lake, na kosa lako lingerekebishwa kwa gharama gani. Mimi nashona hapa Birere, Goma. Juzi nilimpigia simu mara tatu mama mmoja anayeuza samaki, kwa gauni moja la kitenge. Mikono mirefu au mifupi? Hilo lilistahili, maana kitambaa kilichobaki kilitosha jozi moja tu ya mikono, na ukishakata mifupi hairudi. Rangi ya vifungo? Halikustahili: kuvibadilisha ni dakika kumi, na angeviona siku ya kujaribu. Kipimo cha kiuno? Kilikuwa kwenye daftari langu mwenyewe! Nilisikia wanunuzi wake wakimngoja wakati ananijibu, na hilo bado linaniuma.

Kaka mmoja anasema swali ni kazi bure ukijibiwa kile ulichodhani. Nusu ni kweli. Mimi nilidhani mirefu, akasema mirefu, lakini kabla ya simu nilikuwa na shaka kabisa, na mkasi hausubiri. Pima kwa ulichojua kabla ya kuuliza.

Siku hizi naandika kwanza ningekata vipi, ndipo napiga simu. Baada ya oda kumi hivi nalinganisha. Kama majibu karibu yote yanafanana na nilichoandika, ninauliza kupita kiasi. Uvumilivu wa mteja ndio mgumu kupima, wengi wanachoka bila kusema.