Lamda inagoma kufika MW 8

*"Wakuu, nina jenereta tatu za dizeli. Matumizi ni lita kwa saa, P ni MW:*

*A: 60 + 200P + 10P², kuanzia MW 1 hadi 4*
*B: 50 + 210P + 15P², kuanzia 0.8 hadi 3*
*C: 40 + 240P + 20P², kuanzia 0.5 hadi 2*

*Mzigo wa MW 6 lamda inagawa vizuri. Nikiweka MW 8, jumla inakwama 7.69. Nakosea wapi?"*

Mkuu, nimerudia hesabu yako na nimeipata hiyo 7.69. Umetafuta kwanza λ, yaani lita za nyongeza kwa MW moja ya ziada ambapo mashine zote zinalingana, ukapata 286.15, ukaona A inadaiwa MW 4.31, ukaikata ibaki 4, kisha ukaishia hapo. Ile MW 0.31 uliyoikata hakuna aliyeibeba, kwa sababu B na C bado zinafuata λ ya zamani. Kukata kunatakiwa kufanyike ndani ya mzunguko, kila unapojaribu λ mpya, kabla hujajumlisha:

```
mashine = [(200, 10, 1, 4), (210, 15, 0.8, 3), (240, 20, 0.5, 2)]
mzigo = 8
chini, juu = 220, 320
while juu - chini > 0.001:
    lam = (chini + juu) / 2
    P = [min(max((lam - b)/(2*c), pmin), pmax)
         for b, c, pmin, pmax in mashine]
    if sum(P) < mzigo: chini = lam
    else: juu = lam
```

Kwa mzigo wa 8, jaribio la kwanza ni 270: jumla inatoka 6.25, haitoshi, unapanda. Jaribio la pili ni 295: A imegota 4, jumla 8.21, imezidi, unashuka. Ukiendelea hivyo utatua 291.43, ambapo A ina 4, B 2.71 na C 1.29. Usishtuke ukiona gharama ya nyongeza ya A ni 280 tu wakati wenzake wako 291. Mashine iliyogota juu lazima iwe nafuu kuliko λ. Ingekuwa na nafasi ungeiongezea. Ukikuta iliyogota juu ni ghali kuliko λ, hapo ndipo pa kutafuta kosa.

Kama unapenda kuruka kwa hatua ya ΔP, yaani MW zinazopungua, gawanya kwa jumla ya 1/(2c) za mashine zote, itoe A kwenye hiyo jumla ikishagota. Ukiibakiza, kila hatua inakuwa fupi mno na unasogea kama konokono. Ukiitoa, kutoka 286.15 unafika 291.43 kwa hatua moja.

Sasa hilo la MW 6, ambalo unasema liko vizuri, ndilo lililonigharimu mimi. Nilikuwa kwenye mtambo wa mgodini, nje ya gridi, na tulikuwa tunagawa mzigo kwa asilimia sawa, kila mashine kwa ukubwa wake. Kwa mashine zako ingekuwa A 2.67, B 2, C 1.33. Ukipima hapo, MW moja ya ziada kwa A inakula lita 253, kwa C lita 293. Yaani ukihamisha MW 0.1 tu kutoka C kwenda A unaokoa karibu lita 4 kila saa, na unaendelea kuhamisha mpaka zote zilingane. Zinalingana kwenye 267.69, na matumizi yanashuka kutoka lita 1,590 hadi 1,576.5 kwa saa. Lita 323 kwa siku si haba, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Fundi mmoja wa zamu ya usiku akaniuliza, "Na hii ya tatu tunaiwashia nini?" Sikuwa na jibu. Zima C, A ibebe 3.8 na B 2.2: λ inapanda hadi 276, lakini matumizi yote ni lita 1,549. Umeokoa mara mbili ya nilichojivunia. Sababu ni ile 40 ya mwanzo kwenye mlinganyo wa C: ukitafuta mteremko inapotea, kwa hiyo λ haiioni kabisa. Lamda inajua kugawa kwa mashine zilizokwisha washwa, haijui ipi izimwe. Hiyo inabidi ujaribu kila mchanganyiko mwenyewe. Kwa mashine tatu ni michanganyiko saba tu, kompyuta inamaliza kabla hujameza chai.

Ila angalia akiba. A na B pamoja ni MW 7, ukiwa kwenye 6 umebakiwa na moja. Usiku ilitutosha. Mchana, mota kubwa ya kusaga mawe ikianza, masafa yalianguka hadi fida zikakatika, na C ikarudi kazini kila siku kuanzia saa moja asubuhi.