Kidonge cha safari: kimeze kabla ya Kitonga, na funguo za gari mpe mwingine

Swali: Habari mfamasia. Wiki ijayo nasafiri na basi la saa 12 asubuhi kutoka Dar kwenda Mbeya. Kila safari tukifika kwenye kona za mlima Kitonga natapika. Mara ya mwisho nilinunua vidonge vya kuzuia kutapika, nikameza nilipoanza kusikia kichefuchefu, nikavitapika. Safari nyingine dada yangu alinipa kidonge chake, sikutapika ila nililala mpaka Mbeya na kesho yake bado nilikuwa mzito. Safari hii nikifika natakiwa kuchukua gari la kaka na kuendesha hadi Tukuyu usiku huohuo. Nimeze nini? Na tangawizi inasaidia kweli?

Jibu: Nzuri dada. Nadhani ulimeza dawa mbili tofauti kabisa. Mtu akisema tu dukani "naomba dawa ya kutapika", mara nyingi hupewa metoklopramidi. Hiyo hufanya kazi tumboni na kwenye sehemu ya ubongo inayohisi sumu katika damu, kwa hiyo humsaidia anayetapika kwa sababu nyingine. Kichefuchefu cha basi hakianzii huko. Kinaanzia sikio la ndani, linaloupa ubongo taarifa kwamba mwili unayumba huku na huku, wakati macho yaliyokazia simu yanasema umetulia. Metoklopramidi haigusi ugomvi huo, hata ungeimeza mapema. Tena kwa vijana mara chache huleta mkazo wa misuli, shingo ikajikunja au macho yakapinda juu. Hilo likitokea ni la kukimbizwa hospitali.

Kidonge cha dada yako kwa maelezo yako kinafanana na promethazini, na hicho ndicho cha kazi hii. Kinaingia ubongoni na kuzuia taarifa za sikio zisifike kwenye kituo cha kutapika. Bahati mbaya kemikali kinayoizuia, histamini, ndiyo pia inayotuweka macho, ndiyo maana nafuu na usingizi vinakuja pamoja. Wateja wengi huniomba "ile isiyolaza", wakimaanisha dawa mpya za mzio kama loratadini. Hazilazi kwa sababu haziingii sana ubongoni, na kwa sababu hiyohiyo hazizuii kutapika garini.

Kosa la pili lilikuwa saa ya kumeza. Kichefuchefu kikishaanza, tumbo linapunguza kasi ya kusukuma vitu kwenda utumbo mdogo. Kidonge kinakaa pale kikisubiri, kisha kinatoka na chai. Kwa basi la saa 12, meza promethazini ya miligramu 25, kidonge kimoja, saa 11 alfajiri. Kitonga mtafika karibu na mchana, dawa ikiwa bado na nguvu. Usiongeze cha pili njiani eti kwa sababu umeona kona zinakaribia. Na kabla ya siku yenyewe, jaribu kidonge kimoja jioni ambayo huna kazi kesho yake, uone kinakulaza kwa muda gani. Kuna watu wanalala kwa muda wa saa sita tu, wengine mpaka adhuhuri ya kesho.

Hapo ndipo suala la gari la kaka linapoingia. Promethazini hubaki mwilini muda mrefu: ukimeza saa 11 alfajiri, saa 2 usiku kiasi cha kutosha bado kipo kwenye damu. Utajiona uko macho, lakini mguu utachelewa kukanyaga breki, na barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu ina milima na kona, tena usiku. Usiendeshe. Lala Mbeya uende asubuhi ukiamka mwepesi, au kaka aendeshe mwenyewe. Kama hakuna namna ila wewe uendeshe usiku huo, basi usimeze promethazini kabisa, tegemea kiti na chakula. Ipo dawa nyingine, sinarizini, ambayo wengi haiwalazi sana kama promethazini, lakini nayo usiendeshee gari mpaka ujue inavyokufanya.

Siku hiyo usichanganye na pombe wala dawa za mafua. Nyingi za mafua zina klofenilamini, ndugu wa promethazini, na mtu hujikuta amemeza dozi mbili bila kujua. Mjamzito, mwenye presha ya macho na mzee anayepata shida kukojoa waongee kwanza na daktari au mfamasia. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe promethazini kabisa, hata kijiko cha shira, maana inaweza kumzuia kupumua.

Sasa kiti. Watu hulaumu matuta, lakini matuta yanaumiza mgongo tu. Kinachotapisha ni ule mwendo wa polepole wa basi kuegemea kushoto, kisha kulia, pamoja na kukanyaga breki na kuondoka. Nyuma ya matairi ya nyuma basi linatupa zaidi, na huoni barabara. Ukikata tiketi omba safu ya tatu hadi ya sita, upande wa korido. Wengi hugombania dirisha, ila dirishani macho yanafuata miti inayopita mbio. Kwenye korido unaona kioo cha mbele, na macho yanaiona kona kabla mwili haujaisikia. Kitonga ikianza, egemeza kichwa kwenye kiti kisitikisike, tazama barabara mbali mbele, na achana na simu pamoja na ile filamu ya kwenye runinga ya basi. Konda akikupeleka siti ya nyuma, mwonyeshe namba yako ya tiketi.

Chakula: tumbo tupu halikusaidii, nalo hutapika, tena kwa uchungu zaidi. Saa 11 kula kitu kikavu kidogo, kama vipande viwili vya mkate au muhogo wa kuchemsha, na maji nusu kikombe. Tatizo kubwa ni kituo cha chakula. Muulize konda mapema kama mtasimama kabla ya kupanda Kitonga au baada. Kama ni kabla, chipsi kuku ziache. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, nawe baada ya muda mfupi utakuwa kwenye kona. Ndizi mbivu moja na maji ya kunywa kidogokidogo vinatosha. Ukitaka kushiba, shibia Iringa.

Tangawizi inasaidia kiasi, zaidi kwenye tumbo kuliko kwenye sikio, kwa hiyo mtu anayetapika kila safari kama wewe isiwe tegemeo lake pekee. Faida yake ni kwamba hailazi. Kipimo kinachotumika mara nyingi ni gramu moja ya unga mkavu, takriban nusu kijiko cha chai, kwenye maji ya moto nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Usipike na maziwa mengi. Njiani unaweza kutafuna kipande kibichi chembamba, mradi huna kiungulia. Soda ya tangawizi usiihesabu, ile ni sukari na gesi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda aulize kliniki yake kwanza.

Kichefuchefu cha basi hupungua ukishashuka na kutulia. Ukiamka kesho yake bado unatapika, au una homa, kapime malaria, na kama siku zako zimechelewa, pima na ujauzito kabla ya kumeza kidonge kingine.