Bibi anasikia, ila haelewi

Swali: Sokoni Mwanjelwa nilimwona mchuuzi akinunua viazi kwa bibi mmoja wa Kisafwa asiyejua Kiswahili. Kila bibi alipokaa kimya, mchuuzi alipaza sauti na kuvuta maneno kama anaongea na kiziwi. Kwa nini tunafanya hivi, na je, inasaidia?

Jibu: Mchuuzi alitumia dawa ambayo siku zote humponya. Kati ya watu wa lugha moja, anayeuliza "Unasemaje?" kwa kawaida hakusikia vizuri, labda kwa sababu ya mashine ya kusaga au kelele za wapiga debe. Ukirudia kwa nguvu, anakupata. Asiyejua lugha naye hukunja uso na kunyamaza vilevile, hivyo ulimi unakimbilia dawa ileile kabla akili haijapambanua. Tena sokoni sauti hupanda yenyewe. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilionyesha hilo mwaka 1911, kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia.

Kupaza sauti hakumsaidii bibi. Ukipiga kelele, irabu ndizo zinazovimba, huku konsonanti zinazotofautisha maneno zikibaki nyuma. Bibi anaweza hata kudhani anagombezwa.

Kupunguza kasi ni jambo jingine. Kunamfaa anayejua Kiswahili kidogo, mradi usikatekate neno lenyewe. Tuseme mchuuzi alisema: "Ungenipunguzia ningevichukua vyote." Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ungenipunguZIa, ningevichuKUa, VYOte. Mkazo huo humwonyesha msikilizaji kwamba neno linakaribia kwisha. Sasa akitamka u-nge-ni-pu-ngu-zi-a, kila silabi kwa nguvu sawa, alama hiyo inapotea na bibi anabaki na msururu wa silabi usio na mipaka. Mahali pa kupumzika ni baina ya maneno, kamwe si ndani yake.

Mzigo mkubwa zaidi umo ndani ya kitenzi. "Ungenipunguzia" limebeba mtendaji, sharti, mtendewa na kitendo kwa pamoja. Lifungue: "Bei kubwa. Punguza. Nachukua vyote," huku ukionyesha noti na kuzungusha mkono juu ya viazi vyote. Hiki bado ni Kiswahili sahihi. Wengine huharibu sarufi wakidhani wanarahisisha, "wewe kupunguza, mimi kuchukua," na mwenye kujifunza huokota kosa hilo akaenda nalo.

Utajuaje kama hakusikia au hakuelewa? Asiyesikia hurudisha kipande alichokipata: "Nipunguze nini?" Asiyeelewa hunyamaza, au huitikia "ndiyo" kwa kila kitu. Bibi akisema "ndiyo" kwa bei ya juu na ya chini pia, usihesabu kwamba mmekubaliana. Mwite anayejua Kisafwa awatafsirie. Pale Mwanjelwa hutamkosa.