Boti ilikuwa imeondoka, au iliondoka?

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa karafuu, Pemba. Katika barua ya malalamiko niliandika: "Tulipofika bandarini Mkoani, boti ilikuwa imeondoka." Mwenzangu kakata, kaandika: "Tulipofika bandarini Mkoani, boti iliondoka." Anasema yote ni wakati uliopita, hiyo "ilikuwa" ni ziada tu, na tena "-me-" ni ya jambo lililotokea karibuni, ilhali mkasa wetu una wiki tatu. Nani yuko sawa?*

Waalaykum salaam, Ndugu Katibu. Uko sawa wewe, na mwenzako amebadilisha ushahidi bila ya kujua.

Soma sentensi yake kama atakavyoisoma mwenye boti. "Tulipofika, boti iliondoka": nyinyi mmetia mguu gatini na boti ikang'oa nanga. Yaani mlionana. Wenye boti waliwaona na magunia yenu, wakaondoka. Hilo ni shutuma zito. Yako inasema kwamba mlikuta gati tupu. Ni mikasa miwili mbalimbali, na wa kwanza, kama haukutokea, utawaangusha siku mtakapoulizwa.

Tofauti hiyo haiwezi kuonekana kwa mtu anayehesabu nyakati mbili tu, ule wa kusema na ule wa tukio. Kwa hesabu hiyo boti imeondoka zamani katika sentensi zote mbili, basi, zimelingana. Mwaka 1947 mwanafalsafa Mjerumani Hans Reichenbach alionesha kwamba njeo, yaani umbo la kitenzi linaloonesha wakati, inataka nyakati tatu. Upo wakati wa usemi, ambao kwako ni siku uliyoandika barua. Upo wakati wa tukio, boti kuondoka. Na upo wakati wa rejea, yaani pale msemaji anaposimama kulitazama tukio. Kwenye barua yako wakati wa rejea ni kufika kwenu bandarini. "Tulipofika" ndiyo iliyoupanda mlingoti huo.

Sasa tuseme boti ilitoka saa 1:00 asubuhi na nyinyi mkafika saa 1:20. "Ilikuwa" inamchukua msomaji kutoka siku ya barua hadi saa 1:20 ya siku ile, inamsimamisha gatini. Kisha "imeondoka" inamwambia: ukiwa hapo, geuka nyuma, jambo limeshakwisha. Kila kitenzi kina kazi yake. Ukifuta "ilikuwa" na kuweka "iliondoka", tukio na rejea vinakaa mahali pamoja, saa 1:20, na boti yako inaondoka ikiwa na abiria waliokwisha kuwa baharini dakika ishirini. Na ukitaka kuamini kwamba kiini ni rejea, badilisha kipande kimoja: "Tulipofika, boti ilikuwa haijaondoka." Saa ni ile ile, mwaka ni ule ule, lakini sasa boti ipo gatini.

Nikupe na tahadhari moja. Usiandike "boti ilikuwa imeondoka saa 1:00" ukaishia hapo, kwa kuwa hiyo saa 1:00 inaweza kuwa ya kuondoka, na inaweza kuwa ya kutazama, kwamba ilipogonga saa 1:00 boti haipo tena. Kwenye malalamiko, andika saa mbili zote: iliondoka saa 1:00, tulifika saa 1:20.

Nije kwenye lile linalonikera, maana silisikii kwa mwenzako peke yake. Nalisoma kila mwaka kwenye karatasi za wanafunzi: "-me- ni wakati uliopita muda mfupi, -li- ni wakati uliopita muda mrefu." Chanzo chake ni vile vijitabu vya kukariri mtihani, vyenye jedwali la safu mbili na mfano mmoja mmoja. Mtunzi amechukua mfano "mgeni amefika", akaona kwamba mgeni yupo mlangoni, akadhani kinachosemwa ni upya wa kufika. Hajajaribu mfano wa pili.

Bibi yangu amehiji. Alihiji kabla mimi sijazaliwa, na bado nasema amehiji, kwa sababu yu hai na ni hajjati leo. Rejea yangu ni sasa, tukio liko nyuma yake, na umbali baina yao haumo katika "-me-" hata chembe. Upande wa pili, nakwambia "nilikuita hapa hivi, hukusikia?", na haijapita dakika moja. Hiyo ni "-li-", kwa sababu nakurudisha kwenye ule wakati wa kuita. Kwa jedwali la vijitabu, mimi na bibi yangu wote tunakosea Kiswahili chetu.

Wengine wameongeza kanuni nyengine, kwamba "-me-" haikubali kutajiwa siku. Hiyo imeletwa nzima nzima kutoka sarufi ya Kiingereza. Sisi twasema "mgeni amefika jana", na maana yake ni kwamba jana ndipo alipofika na sasa yupo.

Mitaani hapa Unguja, na kwenu Pemba, watu hawana shida na jambo hili. Wanasema "kafika", "keshaondoka", na mtu akisimulia utamsikia: "Basi twafika pale, boti ishaondoka." Hakuna "ilikuwa" hapo, kwani "twafika" imeshajenga mahali pa kusimama, na "ishaondoka" inapima kutoka hapo, haipimi kutoka barazani anaposimulia. Mtu akishika kalamu ndipo anapoyaacha anayoyajua na kufuata jedwali.

Wakati ujao nao uko hivyo hivyo. "Kesho saa 4:00 barua itakuwa imefika" inaweka rejea kesho saa 4:00, na kufika kuko kabla yake. Inaweza kufika kesho alfajiri, inaweza kuwa imefika leo wakati tunazungumza. Umbo halisemi, na anayekwambia kwamba "itakuwa imefika" lazima liwe jambo ambalo bado halijatokea anakuongezea kitu ambacho sentensi haikubeba.

Ila hatari kubwa iko kwenye kukanusha, na hapa nawaomba makatibu wote, si wa karafuu tu, wasome pole pole. "-li-" ikikanushwa inakuwa "haku-", "-me-" ikikanushwa inakuwa "haja-". Magunia "hayakusafirishwa" ni habari ya siku ile, ambayo imefungwa. Magunia "hayajasafirishwa" maana yake mpaka siku ya kuandika yamo ghalani na mnasubiri. Tazama barua yako mnadai lipi.

Niliwahi kuonyeshwa maelezo ya mama mmoja aliyekopesha fedha za kununulia nyavu. Yeye alisema "hajanilipa". Mwandishi, kwa kuwa mkopo ulikuwa wa miaka minne, akaona "-ja-" haifai jambo la zamani, akasafisha ikawa "hakunilipa". Mdaiwa aliposomewa akajibu kwamba ni kweli, mwaka ule hakulipa, alilipa mwaka uliofuata. Mama akabaki anaapa kwamba hakusema hivyo, na karatasi yenye dole gumba lake inasema hivyo.