Kwa nini macho yanaenda kwenye 4 na kuiacha 7

*Swali: Daktari, habari za Iringa. Nafundisha hesabu kidato cha tano huku Tukuyu. Tulipofika mada ya mantiki niliweka kadi nne mezani: A, K, 4 na 7. Kila kadi ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Sheria ikawa: kama upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Nikawauliza tufunue zipi tu ili tujue kama sheria ni ya kweli. Karibu darasa zima likasema A na 4, na walimu wenzangu ofisini vilevile. Jibu ni A na 7, lakini hata baada ya kueleza bado wengine walibisha. Kwa nini wanakosea, tena wote kwa namna ileile?*

Habari za kazi, Mwalimu. Hayo maneno yako ya mwisho, "kwa namna ileile", ndiyo yaliyobeba jibu. Watu wanaobahatisha hutawanyika, mmoja huku mwingine kule. Darasa lako halikutawanyika, maana yake kuna kitu kimoja kilichowavuta wote.

Aliyelibuni zoezi hili ni Peter Wason, mwanasaikolojia Mwingereza, na alilieleza mwaka 1966. Miaka minne baadaye yeye na Philip Johnson-Laird walitoa matokeo ya watu 128 waliokuwa wamewapima. Watu 59 walichagua kadi mbili kama za wanafunzi wako. Wengine 42 walichagua ile ya kwanza peke yake, yaani sawa na kuchukua A tu. Waliopata jibu sahihi walikuwa 5. Kwa hiyo usiwahukumu wanafunzi wako wala walimu wa ofisini kwenu. Watu waliosoma sana nao huanguka hapohapo.

Wason mwenyewe mwanzoni alidhani watu wanatafuta ushahidi wa kuithibitisha sheria, hawatafuti wa kuivunja. Maelezo hayo yanaingia akilini upesi, na bado utayasikia yakirudiwa. Mimi niliyaamini na kuyafundisha mpaka nilipokutana na jaribio dogo ambalo Jonathan Evans alilifanya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alichofanya ni kuingiza kikanushi kwenye sehemu ya pili ya sheria.

Chukua kadi zako zilezile. Badilisha sheria iwe hivi: kama upande mmoja kuna A, basi upande wa pili hakuna 4. Sasa fikiri taratibu ni kadi gani inaweza kuivunja. Sheria inavunjwa na kitu kimoja tu, kadi yenye A huku na 4 kule. Lazima ufunue A, uone kama nyuma kuna 4. Lazima ufunue 4, uone kama nyuma kuna A. Kadi ya 7 haina neno, kwa sababu A yenye 7 nyuma inakubaliana na sheria, na K yenye 7 nyuma haiguswi na sheria hii.

Watu wakipewa sheria hiyo huchagua nini? Wengi huchagua A na 4. Safari hii wamepatia.

Tulia kidogo hapo, Mwalimu, maana ndipo penye kiini cha jambo lote. Kama watu wangekuwa wanatafuta uthibitisho, kwenye sheria ya "hakuna 4" wangechagua A na 7, kwa kuwa A yenye 7 nyuma ndiyo inayoithibitisha. Hawafanyi hivyo. Wanachagua A na 4 sheria ikikubali, na A na 4 sheria ikikanusha. Anayeonekana mjinga kwenye sheria ya kwanza anaonekana hodari kwenye ya pili, ilhali hajabadilisha chochote. Amechukua kadi zilizotajwa kwenye sheria.

Lugha ndivyo inavyofanya kazi kila siku. Mtu akikuambia "hakuna mbwa pale uani", mawazo yako yanaenda kwa mbwa, hayaendi kwa kuku na mbuzi ambao nao wangeweza kuwa pale. Neno "hakuna" linakanusha kitu, lakini halikiondoi kitu hicho akilini. Kwenye sheria yako maneno yaliyotajwa ni irabu na shufwa, basi A na 4 zinang'aa, na 7 inabaki gizani. Mwanafunzi hakuipima 7 akaikataa. Hakuipima kabisa.

Ndiyo maana walibisha. Wason na Evans walifanya jaribio jingine, likachapishwa mwaka 1975, ambalo waliwataka watu waandike sababu za kila kadi waliyoichagua. Kwenye sheria isiyo na kikanushi watu waliandika kwamba wanataka kuona kama sheria ni ya kweli. Kwenye sheria yenye kikanushi, watu haohao waliandika kwamba wanataka kuona kama sheria ni ya uongo. Sababu ilikuwa inatungwa kuifuata kadi iliyokwisha kuchaguliwa. Mwanafunzi wako aliyekomaa na 4 yake hakudanganyi. Ameshaiona 4 kuwa ndiyo inayohusika, kisha akili yake ikaitafutia hoja, na hoja aliyoipata anaiamini.

Huenda mwalimu mmojawapo pale ofisini alijitetea kwamba neno "kama" linakwenda pande zote mbili. Hoja hiyo ina uzito katika Kiswahili. Nikikuambia "ukija kesho nitakupa mbegu", unaelewa pia kwamba usipokuja hupati. Lakini hebu ifuate mpaka mwisho. Kama sheria inakwenda pande zote, basi K inaweza kuivunja kwa kuwa na shufwa nyuma, na 7 inaweza kuivunja kwa kuwa na irabu. Angelazimika kufunua zote nne. Aliyechagua A na 4 hajaifuata hata maana hiyo.

Sasa kuna upande mwingine, ambao nauona vizuri zaidi nje ya darasa. Shemeji yangu ana ghala la mahindi Mafinga. Kwenye magunia yake lebo ya daraja iko mbele, na karatasi ya kipimo cha unyevu imeshonewa nyuma. Mahindi ya kuuzwa hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, kwa kuwa yakizidi hapo ukungu unaingia na sumukuvu inafuata. Siku moja nilimpangia magunia manne. Mawili yalionesha mbele, moja Daraja la Kwanza na jingine Daraja la Pili. Mawili yalionesha nyuma, moja 12.8 na jingine 15.2. Nikamwambia: gunia likiwa na lebo ya Daraja la Kwanza, unyevu wake lazima usizidi 13.5. Utageuza yapi ili ujue kama kuna aliyekosea?

Hakufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda kwenye 15.2. "Hili geuza, nione nani kaliandika nini." Akageuza na la Daraja la Kwanza. La 12.8 alilipita akisema, "Hili kavu, likiwa la kwanza sawa, likiwa la pili sawa, halinidhuru." Jioni, mezani, nilimchorea kadi zako nne. Akachagua A na 4.

Tofauti hiyo imepimwa vizuri. Mwaka 1982 Richard Griggs na James Cox waliwapa wanafunzi wa chuo huko Florida sheria kuhusu bia: mtu akinywa bia, lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kati ya 40, 29 walipatia, wakamchunguza anayekunywa bia na yule mwenye umri mdogo. Kwenye kadi za herufi na namba, wanafunzi hao 40 hawakutoa hata mmoja aliyepatia.

Lakini usije ukahitimisha kwamba dawa ni kuweka mahindi badala ya herufi. Vitu vya kushikika peke yake havitoshi. Sheria ya ghala na ya bia ni sheria ya kulindwa. Mtu anajua kosa linafananaje, anajua nani anaumia, basi mkosaji yumo akilini kabla hajagusa kadi. Gunia la 15.2 linang'aa kwa sababu hiyo. Sheria yako ya irabu ni dai, linaweza kuwa kweli au uongo, na hakuna anayedhurika likiwa uongo. Maswali hayo mawili yanafanana kwa umbo, ila kazi ya akili ni tofauti, na aliyepatia kwenye bia hajajifunza kupatia kwenye herufi. Shemeji yangu ni shahidi.

Kuna njia nyingine ambayo walimu huifikiria, ya kuandika "SI SHUFWA" kwenye kadi badala ya 7, ili neno lenyewe lionekane. Evans na wenzake waliijaribu na kuichapisha mwaka 1996. Ule mvuto wa kilichotajwa ulitoweka kweli, kwa kuwa sasa kadi zote zinagusa maneno ya sheria. Majibu sahihi, hata hivyo, hayakuongezeka. Kuiona kadi ni hatua moja, na kujua uifanyie nini ni hatua nyingine.

Hatua hiyo ya pili ndiyo ningeifundisha mimi. Usiulize "tufunue ipi". Shika kadi moja mkononi na uulize nyuma yake kunaweza kuwa na nini, na kila jibu linaifanya nini sheria. Anza na 4. Nyuma ikiwa irabu? Sheria iko salama. Ikiwa konsonanti? Iko salama. Kisha 7. Ikiwa konsonanti, salama. Ikiwa irabu? Hapo usiseme kitu, acha waseme wao. Nakuonya tu kwamba wapo watakaoiona A nyuma ya 7, wakubali kwamba sheria imevunjika, kisha warudi kusema 7 haikuwa na haja ya kufunuliwa. Wason naye alikutana nao.

Kabla ya yote hayo, wape karatasi mbili. Kwenye ya kwanza sheria yako ya irabu, kwenye ya pili ile ya "hakuna 4", na chini ya kila kadi waliyoichagua waandike kwa nini wameichagua. Kipindi kinachofuata mrudishie kila mmoja karatasi zake zote mbili, aziweke pembeni kwa pembeni, asome sababu zake mwenyewe.