Matangi mawili mfululizo katika mlinganisho wa umeme

Swali: "Wakuu, nimegeuza matangi mawili ya maji kuwa saketi mbili za RC, nikazidisha transfa fankisheni zake. Maabara maji yanapanda polepole kuliko hesabu yangu. Na je, saketi hiyohiyo inafaa kwa joto na kwa mitambo?"

Ndugu, tazama kwanza bomba linalounganisha matangi yako. Kama tangi la kwanza linamwaga maji kutoka juu, bomba likiwa limeishia hewani, kimo cha tangi la pili hakiwezi kupunguza mtiririko huo, na kuzidisha ni sahihi. Kama matangi yameunganishwa chini, mtiririko unategemea tofauti ya vimo viwili, kwa hiyo tangi la pili linapojaa linalibana la kwanza. Katika mazoezi ya maabara niliyosimamia chuoni, makundi mengi yalikwama hapa.

Tuchukue kimo kuwa volteji, mtiririko kuwa mkondo, na eneo la kitako cha tangi kuwa kapasita. Kila tangi liwe na eneo la 0.5 m², na mtiririko wa kawaida uwe 0.002 m³ kwa sekunde, huku kila valvu ikipoteza kimo cha m 1. Mtiririko wa valvu hufuata kipeuo cha pili cha kimo, yaani q = K√h, kwa hiyo ukinzani wa mabadiliko madogo ni R = 2h/q, wala si h/q. Hapa unapata 1000 s/m², na RC ni sekunde 500. Anayesahau ile 2 anapata mfumo wenye kasi maradufu, na kosa hilo hufanana sana na lile la kuzidisha, ndiyo maana ni vema kulihakiki mapema.

Kwa matangi yaliyounganishwa chini, andika mlinganyo wa mkondo kwenye kila nodi, kisha uondoe H1. Unabaki na:

```
H2/Q = R2 / (R1*C1*R2*C2*s^2 + (R1*C1 + R2*C2 + R2*C1)*s + 1)
```

Ukizidisha tu, ile R2*C1 haipo. Ndiyo inayobeba habari yote ya kubanana. Kwa namba zetu kizigeu cha s kinapanda kutoka 2RC hadi 3RC, na badala ya kuwa na sekunde 500 mara mbili, mfumo unakuwa na muda mmoja wa sekunde 1309 na mwingine wa 191. Ongeza mtiririko kidogo kwa ghafla, kisha usome kimo cha tangi la pili baada ya sekunde 2000: kwa maji yanayomwagika kitakuwa kimefika kama asilimia 91 ya badiliko lake lote, ilhali kwa matangi yaliyounganishwa chini kitakuwa kama asilimia 75. Tofauti hiyo unaiona kwa rula ya kawaida. Ongezeko liwe dogo kweli, kwa sababu ukizidisha mtiririko mara mbili kimo kinakuwa mara nne, R inafika 2000, na hesabu yote inahama.

Kwa joto, saketi ni ileile: halijoto ni volteji, wati ni mkondo. Hita ikipasha kipande cha chuma kilicho ndani ya kasha, kasha nalo likipoteza joto hewani, joto hupita kwa tofauti ya halijoto tu, kwa hiyo kubanana hakuepukiki na fomula ya juu ndiyo yako. Isipokuwa joto likisafirishwa na maji yanayotiririka upande mmoja kutoka chombo hadi chombo. Hapo chombo cha pili hakirudishi chochote, na kuzidisha kunarudi kuwa halali.

Kwa mitambo napendekeza nguvu iwe mkondo na kasi iwe volteji, mlinganisho aliouandika Firestone mwaka 1933, kwa sababu mpangilio wa saketi unabaki kama wa mtambo wenyewe. Masi ni kapasita, na upande wake mmoja lazima uende ardhini, kwani kasi hupimwa kwa kulinganisha na ardhi. Shokapu yenye kizigeu b ni ukinzani wa 1/b. Sukuma masi ya kwanza, iunganishe na ya pili kwa shokapu, na ya pili na ardhi kwa shokapu nyingine, utapata fomula ileile, V2/F mahali pa H2/Q.

Tofauti inaanza ukiweka springi, ambayo ni koili ya 1/k. Springi na masi vinaweza kubadilishana nishati, kwa hiyo mizizi ya asili inaweza kuwa changamano na mtambo ukayumba. Katika maji jambo hilo linahitaji bomba refu ambalo masi ya maji yake yanayokwenda haiwezi kupuuzwa. Katika joto la kawaida hakuna koili kabisa: kipimajoto chako kikionyesha halijoto inayoyumba ilhali hita haibadiliki, kagua kidhibiti au kipimajoto chenyewe kabla ya kuongeza kitu kwenye modeli.