Redio ya babu haikuzimika na jua

Babu yangu wa Chamwino aliikataa redio ya sola kwa hoja ambayo wazee wengi wanayo: kama inakula jua, wingu likitanda itanyamaza. "Mimi taarifa ya habari nasikiliza saa mbili usiku," aliniambia. "Hilo jua la usiku utalitoa wapi, mjukuu wangu?" Akabaki na redio yake ya mawe.

Mwezi Januari ikaja mvua ya upepo na radi, tangu alasiri. Umeme ukakatika kijiji kizima, mawe ya babu yalikuwa yamekwisha, na korongo la kwenda dukani lilishajaa maji. Nikawasha ile ya sola. Mabati yalipiga kelele mpaka babu akasogeza kigoda na kuinamisha sikio. Saa mbili ilipogonga, TBC Taifa ikasoma habari kama kawaida. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa muda wote huu inakula nini?"

Nikafungua kifuniko cha nyuma nikamwonyesha betri. Paneli haipigi redio, inajaza betri. Kinachopiga redio ni betri. Jua la asubuhi ndilo tulilokuwa tunalisikiliza usiku ule.

Ukitaka kununua, soma maandishi ya betri. Yetu imeandikwa 1200 mAh, ndicho kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, na kwa sauti ya wastani redio inavuta kama 100 mA, yaani saa 12 hivi ikiwa imejaa. Kile kipaneli cha juu yake, jua likiwa kali, kinaingiza karibu 100 mA. Kwa hiyo saa tano za jua la Dodoma ni kama saa tano za kusikiliza, na kwa kweli hupungua kidogo. Wingu zito likifunika, kinachoingia ni kidogo sana. Ndiyo maana nasisitiza ianikwe asubuhi ikiwa imezimwa, kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika.

Iegemeze ili paneli itazame jua, na uangalie kivuli cha mkono wa kubebea, maana hata ukanda mwembamba wa kivuli hupunguza sana chaji. Vumbi letu la kiangazi lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usiianike nyuma ya kioo cha dirisha, na usiiache kwenye mabati ya moto, joto huua betri.

Wanaoharibu hesabu ni wajukuu wanaochomeka simu. Betri ya simu janja ni kubwa kuliko ya redio mara tatu au zaidi, hivyo simu inaikausha yote na taarifa ya babu inapotea. Babu sasa amekataza jambo hilo kabisa, na mimi namuunga mkono.

Radi zikikaribia, chomoa waya wa antena uliotoka nje. Na mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, ichaji kwa waya kwenye umeme ukirudi.